Madebe Matatu ya Majivu kwa Kumi ya Udongo

Udongo wa Kibaoni ni mkaidi, na asiyewahi kuukanyaga kwa miguu yake asijitie kujua habari za matofali. Ukilowa unakung'ang'ania hadi magotini. Ukikauka unajikunja kwa hasira, unapasuka, na tofali ulilofyatua asubuhi likiwa zuri kama mkate unalikuta kesho lina ufa wa kuingiza kidole. Katika kila kumi, manne ya kutupa. Wafyatuaji wa pale walishazoea. Walisema ndivyo Mungu alivyouumba udongo wetu, wakaendelea kutupa manne kila kumi, baba kwa mwana.

Specioza hakuzoea. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na sita, Mpimbwe wa hapo hapo, mwembamba, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake, na wengi walimwita Mama Silvester kwa jina la mwanawe wa kwanza aliyekuwa akifanya kazi Tabora. Marehemu mumewe alimwachia kalibu mbili za mbao za kufyatulia, koleo, na shimo la udongo karibu na mashine ya kukoboa mpunga ya Mzee Mbaruku. Watu walidhani atauza kalibu, alime mpunga kama wajane wenzake. Heh, hawakumjua.

Nyuma ya mashine ya Mbaruku kulikuwa na kilima cha pumba za mpunga kilichokuwa kikiungua polepole mwaka mzima. Kiangazi kimoja, mwaka wa tisini na nne, upepo ulipeperusha majivu kutoka kwenye kilima hicho, ukayamwaga kwenye tope la Specioza. Wenzake walitaka kuyachota wayatupe. Yeye alikuwa na haraka siku hiyo, akayakanyaga humo humo, akafyatua. Matofali yale yakakauka bila ufa hata mmoja.

Mtu mwingine angesema bahati, akashukuru, akalala. Specioza alikwenda dukani kwa Zaitun akanunua rula ya shule, akachukua msumari, na tangu siku ile kila alipofyatua alichora mstari wa sentimita kumi kamili kwenye tofali bichi. Likishakauka na kuchomwa, aliupima tena. Kwenye udongo mtupu, mstari wa kumi ulirudi ukiwa tisa na moja. Kwenye udongo uliotiwa majivu, ulirudi ukiwa tisa na nne. Nyie mtaona ni kitu kidogo, lakini hizo milimita tatu ndizo zinazopasua tofali au kuliacha zima.

Alijaribu na maranda pia, yale ya unga unaodondoka kwenye msumeno wa mafundi seremala. Matofali yalitoka mepesi, na kuni zilipungua kwa sababu maranda yaliungua ndani kwa ndani. Ila yalipoungua yaliacha vitundu kila mahali, na tofali likawa linakunywa maji kama mlevi kwenye kilabu cha pombe ya mtama. Akaachana nayo, akashikilia majivu. Alichagua yale ya kijivu, yaliyoungua yakaisha, si meusi, akayachekecha kwa chekecheke la jikoni.

Kisha akatafuta kiasi. Kila alipoongeza majivu, ufa ulipungua. Ila yalipozidi, tofali lilikuwa jepesi na legevu. Alilipima kwa namna yake. Alilaza tofali juu ya mengine mawili liwe kama daraja, akasimama katikati. Likistahimili, alimwita jirani yake Kabula, Msukuma aliyejaliwa mwili, aje asimame yeye. Kabula alikuwa akija huku anacheka.

"Dada, siku moja litanivunja mguu hili," alikuwa akisema.

"Likivunjika nitajua limezidi majivu," Specioza alimjibu. "Mguu wako utapona."

Ilimchukua miaka miwili na matanuri matano kufika mahali pa kusema: madebe matatu ya majivu kwa madebe kumi ya udongo. Hapo ndipo ufa unapokoma na nguvu bado ipo. Hakwenda chuo chochote kujifunza hilo.

Sasa msikilize jambo lililomfanya aache kulala. Mwezi wa tatu mwaka wa tisini na saba, Tereza, binti wa dada yake, alishikwa na uchungu. Na kwao mtoto wa dada ni mtoto wako, hakuna cha binti wa dada. Zahanati ya kijiji haikuwa na chumba cha kuzalia, ilikuwa na kitanda kimoja na dirisha la dawa. Mganga akasema huyu apelekwe Mpanda. Gari halikuwepo, ila trela la trekta. Barabara ilikuwa tope tupu. Walikwama mara tatu, na mara ya tatu mtoto akazaliwa pale pale kwenye trela, mvua inanyesha, Specioza ameshika turubai kwa mikono miwili. Mtoto hakupona. Tereza alirudi mzima wa mwili, lakini miezi miwili hakumsemesha mtu.

Kwa hiyo mwezi wa sita ulipokuja mradi wa kujenga wodi ya wazazi kijijini, Specioza alikaa mstari wa mbele kwenye mkutano. Fundi sanifu wa mradi aliitwa Rahim, kijana mpole wa Mpanda mjini, mtoto wa wenye maduka, anayevaa kalamu mbili mfukoni. Alieleza kuwa mradi ulikusudia kuleta matofali ya saruji kutoka mjini, lakini malori hayakutosha. Wakipata matofali ya kuchoma ya kutosha hapo hapo, wodi itajengwa kiangazi hiki. Wasipopata hadi mwisho wa mwezi wa kumi, mvua zitafunga barabara na mradi utahamia kijiji kingine.

"Na matofali yenyewe yatapimwa," Rahim alisema. "Moja, kusinyaa. Pili, unywaji wa maji: likilala ndani ya maji siku nzima, lisizidi asilimia ishirini ya uzito wake. Tatu, tutaligandamiza kwa jeki mpaka livunjike. Wastani usipungue kilo thelathini na tano kwa kila sentimita ya mraba. Kwa tofali zima hiyo ni kama tani tisa."

Watu waliguna. Rafaeli, fundi mwashi wa kijiji na mdogo wa marehemu mume wa Specioza, alisimama. Yeye alikuwa na kipimo kimoja tu maishani: kugonganisha matofali mawili na kusikiliza.

"Tofali zuri linalia," alisema. "Haya ya shemeji yangu ya majivu yananung'unika. Mimi siyaamini."

"Shemeji, wewe unajenga ukuta au unapiga ngoma?" Specioza aliuliza, na mkutano ukacheka. Kisha akamgeukia Rahim. "Unataka mangapi?"

"Elfu kumi na mbili, mama."

"Utayapata."

Alisema hivyo mbele za watu mia mbili, na neno likishatoka halirudi. Akakusanya wanawake tisa, Kabula akiwa wa kwanza. Walichimba, wakakanyaga, wakafyatua. Specioza mwenyewe alisimama kwenye mchanganyiko, hakumwachia mtu debe. Alipofika kwenye elfu sita, malaria ikamwangusha. Siku nane alikuwa kitandani akitetemeka, haoni kinachopita. Siku ya kwanza tu aliweza kusema. Kabula aliinama karibu na mto.

"Dada, mchanganyiko nifanyeje?"

"Majivu matatu," Specioza alisema. "Udongo kumi."

"Lala. Nimesikia."

Kabula alisikia kweli. Kwa siku hizo nane alimaliza elfu sita zilizobaki bila kukosa hata moja, akayaanika chini ya nyasi, akasimamia hata kupanga tanuri na kulikandika. Homa ilimwachia Specioza udhaifu wa wiki tatu zaidi, na alipoweza kutembea hadi shimoni, moshi ulikuwa umeshakwisha na tanuri linapoa. Alilia kwa shukrani, akamshika Kabula mkono, wala hakuuliza kitu.

Walipolifungua tanuri katikati ya mwezi wa tisa, wanawake walipiga vigelegele, kwani matofali yalikuwa mazuri ajabu. Hasa yale ya Kabula yaliyopangwa juu: yamenyooka, kona zake kali, hakuna ufa hata wa unywele. Specioza alichukua moja kwa mkono wa kulia. Akachukua moja la kwake kwa mkono wa kushoto.

La Kabula lilikuwa jepesi. Si sana, lakini mikono iliyobeba matofali miaka ishirini haihitaji mizani. Akayalaza pamoja: la Kabula lilikuwa refu kidogo, kama unene wa sarafu, na kalibu ilikuwa ile ile. Akatoa rula. Mstari kwenye matofali yake ulikuwa tisa na nne, kama siku zote. Kwenye matofali ya Kabula, ambaye naye hakusahau kuuchora, ulikuwa tisa na sita. Yamesinyaa kidogo kuliko inavyotakiwa, maana yake yamekula majivu mengi kuliko alivyosema.

Lakini yamekula kiasi gani? Na bado yana nguvu au hayana? Hilo rula haiwezi kukwambia. Alimtazama Kabula anayecheka na wenzake, jasho linamtiririka, mtu aliyemfanyia kazi wiki zote zile bila kudai hata shukrani, akashindwa kufungua mdomo. Alichofanya ni kuwaambia wanawake wayapange mafungu mawili mbalimbali, ya chini huku na ya juu kule. Walipouliza sababu, alisema ndivyo anavyotaka.

Rahim alikuja na pikapu la mradi siku iliyofuata. Nyuma kulikuwa na fremu ya chuma yenye jeki ndani yake, mkono wa kupampu, na saa ya kusomea tani. Kijiji kizima kilijaa uwanjani kwa Mbaruku, wengine wamepanda juu ya magunia. Rahim alizunguka mafungu yote mawili, akatoa rula yake, akapima mistari, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Kusinyaa ni kuzuri sana, mama. Hili fungu hasa." Alionyesha la Kabula. "Sasa nichagulie kumi ya kupima."

"Nichague mimi?"

"Wewe ndiye mwenye tanuri. Nakuamini."

Jamani, hapo palikuwa pagumu. Angechukua kumi kutoka fungu lake, akapita, na wodi ikaanza kesho. Hakuna macho pale uwanjani ambayo yangejua, hata ya Rafaeli. Yakishapakwa plasta, nani atauliza? Specioza alisimama katikati ya mafungu mawili, na nawaambia kweli, alitamani. Kisha akachukua matano kutoka fungu lake bila kuchagua, na matano kutoka fungu la Kabula bila kuchagua, akayachora namba kwa mkaa, moja hadi kumi.

Rahim aliyapima yakiwa makavu kwa mizani ya dukani kwa Zaitun, akayazamisha kwenye pipa la maji. Kesho yake muda ule ule aliyatoa, akayafuta kwa kitambaa, akayapima tena. Matofali ya Specioza yalikuwa kilo mbili na gramu mia tisa. Yaliongezeka gramu mia nne. Ya Kabula yalikuwa kilo mbili na nusu. Yaliongezeka gramu mia sita na zaidi. Rahim alijumlisha, akagawa, akasema wastani ni asilimia kumi na tisa na nusu. Yamepita. Watu wakapiga makofi.

Specioza hakupiga. Alikuwa amesoma hadi darasa la saba na hesabu ya asilimia haikumshinda. Yake yalikunywa asilimia kumi na nne. Ya Kabula yalikunywa ishirini na tano.

Rahim akayapaka yote chokaa na saruji juu na chini ili yawe bapa, akayafunika kwa magunia yaliyolowa, akasema tukutane siku ya nne. Siku ya nne watu walikuwa wengi kuliko siku ya kwanza. Tofali namba moja liliwekwa kati ya vipande viwili vya mbao nyembamba, ndani ya ile fremu, na Rahim akaanza kupampu. Tani tano. Tani nane. Tani kumi. Kwenye kumi na mbili na kitu likalia kwa ndani na kupasuka. Uwanja mzima ukashusha pumzi. La pili, kumi na mbili. La tatu, kumi na moja na nusu. Rafaeli alisogea mbele, uso wake umebadilika.

Namba sita ndilo lilikuwa la kwanza la Kabula. Tani mbili. Tani nne. Kwenye tano lilibomoka bila hata kulia, likamwagika kwenye fremu kama muhogo uliooza. Namba saba, tano na nusu. Namba nane, nne na nusu. Hakuna aliyepiga makofi tena. Kabula alikuwa ameshika kitenge chake kifuani.

Rahim alikaa juu ya tairi la pikapu na daftari lake, akahesabu mara mbili. Kisha akamwita Specioza pembeni, na sauti yake ilikuwa ya upole.

"Mama, wastani ni thelathini na nne. Umepungua moja tu. Kwa moja hiyo siwezi kuwanyima watu wodi. Nitaandika thelathini na tano, tuanze kazi wiki ijayo."

Alikuwa anasema kwa moyo mzuri, na msimlaumu. Naye alikuwa ameona trela za trekta barabarani.

"Mwanangu," Specioza alisema, "matano yamebeba tani kumi na mbili, matano yamebeba tano. Hiyo thelathini na nne ni ya tofali lipi?"

"Ni ya wastani, mama."

"Ukuta haujui wastani. Ukuta unajua tofali lililo chini ya mwenzake." Alinyoosha kidole. "Lile fungu la kule ulikatae. Lote."

Rahim alimtazama kama mtu aliyesikia vibaya. "Elfu sita?"

"Elfu sita. Kosa ni langu, nilichanganya vibaya. La huku lipokee, Rafaeli aanze msingi na kuta za chini. Mimi nitakuletea elfu sita nyingine kabla ya mwisho wa mwezi wa kumi."

"Ukishindwa?"

"Nikishindwa utahama. Lakini wanawake hawatalala chini ya matofali yale, mvua zikija."

Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini watu walisikia. Kabula alisikia. Hakuaga mtu, mgeni wala mwenyeji, akaondoka uwanjani.

Asubuhi iliyofuata alikuja kwa Specioza, macho mekundu. Hakukaa alipokaribishwa.

"Ulisema kosa ni lako," alisema. "Ulikuwa na homa. Mimi ndiye niliyechanganya."

"Ulipimaje, Kabula? Nionyeshe tu."

Wakaenda shimoni. Kabula akachukua debe, akalijaza majivu. Akalitikisa. Akaligonga chini mara mbili ili yashuke, akaongeza, akashindilia kwa kiganja, akaongeza tena mpaka kilele kikasimama juu ya debe, akakizungushia mikono kisidondoke. Akafanya hivyo mara tatu kwa uangalifu wote. Specioza alitazama, na kadiri alivyotazama ndivyo alivyozidi kutaka kulia na kucheka kwa pamoja. Yale matatu yalikuwa matano.

"Majivu ni mepesi," Specioza alisema polepole. "Yanashindiliwa. Mimi debe langu ni la kukata, Kabula. Nalijaza bila kuligonga, napitisha kijiti juu, basi."

Kabula alimgeukia kwa mshangao wa kweli.

"La kukata? Dada, nikupimie wewe debe la kukata? Kwani tumegombana?"

Hapo ndipo Specioza alipoelewa. Kwa Kabula, na kwa wakulima wote wa mpunga pale Kibaoni, debe la kukata ni la mtu usiyempenda. Jirani hupimiwa kwa kilele. Mgonjwa je? Mgonjwa, anayelala kitandani huku amekuamini kazi yake, hupimiwa kilele cha kushindilia. Yule mwanamke alikuwa amemwonea huruma siku nane mfululizo, debe kwa debe, na kila huruma ilikuwa inaingia ndani ya tofali.

"Hujanikosea," Specioza alisema. "Ni mimi niliyesema matatu bila kusema ya namna gani. Miaka miwili nimepima kila kitu, nikasahau kupima neno langu."

"Lakini elfu sita, dada."

"Elfu sita zimekwenda. Shika kijiti."

Mchanganyiko akamwachia Kabula. Wanawake wengine walinong'ona, wakasema huyu si ndiye aliyetuharibia. Specioza aliwaambia anayetaka kunong'ona akanong'one na koleo mkononi. Kazi ilikuwa nyingi na siku zilikuwa chache. Wanawake wapya tisa wakajitokeza, kisha wanaume sita, na Rafaeli akatoa vibarua wake wawili waje kukanyaga. Tereza naye alikuja. Alikaa kwenye mkeka wa kuchekecha majivu, hakusema mengi, lakini alikuja kila siku.

Kumwangalia Kabula akikata debe kulikuwa kazi. Alijaza, akapitisha kijiti, majivu yakamwagika pembeni, na kila mara uso wake ulijikunja kana kwamba ananyang'anya mtoto chakula. Mara ya kwanza alitaka kurudishia kidogo kwa mkono.

"Kabula," Specioza alisema.

"Nimeacha."

Walifyatua elfu sita kwa siku tano. Waliyaanika chini ya nyasi siku kumi na mbili, wakiyageuza kila asubuhi, kwani tofali bichi likiingia tanurini huwa linalipuka na kuua wenzake. Wakapanga, wakakandika, wakawasha. Tarehe ishirini na tatu mwezi wa kumi walilifungua tanuri, na matofali yalikuwa ya kawaida tu. Kona nyingine hazikunyooka. Mstari ulirudi ukiwa tisa na nne.

Rahim alipofika na jeki yake, alimwomba tena Specioza amchagulie kumi. Specioza alikataa. "Achague Kabula," alisema.

Kabula alitazama pembeni, kama anatafuta pa kukimbilia, kisha akaliendea fungu. Hakuchukua la juu wala la pembeni. Aliingiza mikono katikati na kutoa mabaya kuliko yote: lenye kona iliyomeguka, lenye alama ya moshi, lililopinda kidogo. Matano kati yake Rahim baadaye aliyanyoosha kwa saruji kwa shida. Akayapanga mbele ya Rahim.

Yalizamishwa, yakapimwa: asilimia kumi na tano, na hakuna hata moja lililozidi kumi na saba. Yakapakwa, yakafunikwa, na siku nne baadaye yakaingia kwenye fremu. La kwanza, tani kumi na moja. La pili, kumi na mbili. Kabula hakutazama saa, alitazama tofali tu, na midomo yake ilikuwa inacheza. La tano likafika kumi na tatu bila kupasuka. La kumi, lile lenye alama ya moshi, lilivunjika kwenye tisa na nusu, na lilikuwa ndilo dhaifu kuliko yote.

Rahim aliandika. Alisoma kwa sauti ili wote wasikie: wastani, kilo arobaini na sita. Dogo kuliko yote, thelathini na saba. Kisha akafunga daftari na kusema kesho mikokoteni ianze.

Kabula alikaa chini pale pale vumbini. Watu wakadhani ameanguka. Specioza akakaa naye, bega kwa bega. Naye alikuwa na furaha iliyomuuma kifuani, furaha ya mtu aliyekaribia kushindwa mbele ya kijiji chake.

Mikokoteni ya ng'ombe ya mume wa Kabula ilibeba matofali siku nne. Mabati yalipanda wiki ya tatu ya mwezi wa kumi na moja, manyunyu ya kwanza yameshaanza. Na mvua za mwaka ule, zile ambazo redio iliziita Elinino, hazikuwa mvua za kawaida. Zilinyesha Desemba, zikanyesha Januari, zikala madaraja. Barabara ya Mpanda ikawa mto. Nyumba kadhaa za pale kijijini zilidondoka, na mbili kati yake zilikuwa zimejengwa kwa matofali ya nyufa.

Februari, muuguzi alimtuma mtu amwite Specioza. Alikwenda chini ya mvua akiwa na hofu, akidhani kuna ukuta umeachia. Ndani ya wodi kulikuwa na wanawake wanne vitandani na watoto wanne, mmoja alikuwa analia kwa nguvu zake zote. Plasta haikuwa imepigwa bado, matofali yalikuwa wazi. Muuguzi alisema hakuna tatizo, alitaka tu ayaone.

Specioza alilaza kiganja ukutani, upande unaopigwa na mvua. Akakishusha chini hadi kwenye msingi, akakipandisha tena. Ukuta ulikuwa mkavu.